Mabano Yaliyofutwa Katika Sura Yusufu

Kijitabu cha muhtasari wa Jalalaini kilichogawiwa Ramadhani hii mmekisoma, na wengi wenu mmekisifu. Lugha yake ni nyepesi kweli. Lakini ukurasa wa Sura Yusufu, aya ya 24, umeharibika, na umeharibiwa na uamuzi mmoja tu: mwandishi ameyafuta mabano.

Wenye kuijua Jalalaini wanajua mabano yale yana kazi gani. Suyuti hakuweka aya juu na maelezo chini. Aliyapenyeza maneno yake ndani ya aya yenyewe: maneno mawili matatu ya Kurani, kisha ya kwake, kisha Kurani tena, mpaka yote yakasomeka kwa pumzi moja. Ndiyo maana wanakili walipiga mstari juu ya maneno ya aya au wakayaandika kwa wino mwekundu, na wachapaji wakaja na mabano. Masheikh waliotusomesha hawakuhitaji hata hayo. Waliisoma aya kwa tajwidi, wakifika kwa Suyuti sauti inashuka na kuwa ya mazungumzo. Hata aliyekaa nyuma kabisa, bila kitabu mkononi, alijua ni maneno ya nani.

Sasa tazameni. Chini ya kichwa "Aya inasema", kijitabu kinaeleza kwamba Zulekha alimtaka Yusufu, Yusufu naye akamkusudia, ndipo Yakubu akamtokea, akampiga kifuani, matamanio yakamtoka kwenye ncha za vidole. Haya, fungueni msahafu. Zulekha hayumo, si katika aya hiyo wala popote pengine. Jina hilo Suyuti amelileta katika maelezo ya aya ya 23. Yakubu hatajwi hapo, wala kifua, wala vidole. Aya inataja kwamba mwanamke alimwelekea Yusufu, inautaja mwelekeo wa Yusufu pamoja na burhani ya Mola wake aliyoiona, na inasema hivyo ndivyo alivyoepushiwa uovu na uchafu. Burhani ilikuwa nini? Aya imenyamaza. Kisa cha pigo la kifuani ni kauli ya Ibn Abbas, na Suyuti mwenyewe hakuificha: ameanza kwa kusema kwamba Ibn Abbas amesema. Walikuwa wasemaji watatu, yaani aya, mufasiri na mpokezi. Kijitabu kimewafanya mmoja, tena kikampa cheo cha yule mkubwa kuliko wote.

Najua jibu litakalokuja, kwamba muhtasari ni kupunguza. Sawa, lakini yanayopunguzwa ni maneno, si wasemaji. Ingetosha kuandika hivi: Aya inataja burhani aliyoiona Yusufu bila kuieleza. Suyuti anauelewa mwelekeo wa Yusufu kuwa ni kukusudia kile kile alichokusudia mwanamke, ambaye anamwita Zulekha. Kuhusu burhani, ananukuu kauli ya Ibn Abbas kwamba Yusufu alionyeshwa mfano wa Yakubu, akapigwa kifuani, matamanio yakamtoka vidoleni. Sentensi tatu, na kila neno lina mwenyewe.

Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923), aliziorodhesha riwaya za burhani hiyo moja baada ya nyingine: mfano wa Yakubu, maandishi, na nyinginezo. Alipomaliza akasema kwamba Yusufu aliona ishara iliyomzuia, na kwamba hakuna hoja ya kuainisha ni ipi katika hizo. Akaishia hapo. Leo anayeweza kuishia hapo ni nani?

Wapo waliokasirika kinyume changu, wakitaka riwaya ile iondolewe kabisa kwa kuwa haimstahiki Nabii. Wana mkubwa wao: Razi alizipinga riwaya za namna hiyo kwa maneno makali. Lakini anayefupisha Jalalaini anamfupisha Suyuti. Ukimnyofolea kauli yake kwa kumwonea haya, msomaji atadhani hakuisema. Anayemtaka Razi na amfupishe Razi, kwa jina lake.

Na yale mazoea yangu mnayoyachoka, leo tena nayarudia: "anathibitisha", "anabainisha", "anafichua". Kila moja limeshampa mufasiri ushindi kabla msomaji hajapima. "Anasema" na "anaona" yanatosha.

Heshima nampa mwandishi kwa aya ya 23, ambako visomo mbalimbali vya maneno ya yule mwanamke vimewekwa kama Suyuti alivyoviweka. Kisha geuzeni mpaka Sura Kahf. Kuanzia hapo hadi Nas mwenye kalamu ni Mahalli, aliyefariki mwaka 864 Hijria, na Suyuti ndiye aliyekuja baadaye kuijaza nusu ya kwanza. Kijitabu kinaendelea vile vile, ukurasa baada ya ukurasa: Suyuti anathibitisha.