Maneno ya filamu yanapomezwa: kutoka chaneli sita hadi spika mbili

Filamu iliyochanganywa kwa mfumo wa 5.1 ikichezwa kwenye runinga yenye spika mbili, malalamiko huwa yaleyale: milipuko inatikisa madirisha, lakini wahusika wakianza kuongea, rimoti inatafutwa. Wengi hudhani chaneli ya maneno imepotea njiani. Haijapotea, bali imebanwa na jirani zake. Dawa yake iko kwenye uwiano wa chaneli. Kupandisha sauti yote hakusaidii.

Katika 5.1 kuna chaneli ya kushoto na ya kulia mbele, ya katikati, ya besi, na mbili za pembeni. Maneno karibu yote hukaa katikati. Ukumbini yana spika yake nyuma ya pazia la picha, na sikio huyatenga na muziki kwa sababu yanatoka upande tofauti. Zikibaki spika mbili, faida hiyo hufa. Mvua, ngoma na maneno hutoka mahali pamoja, na chenye nguvu hukifunika kilicho dhaifu.

Kanuni ya ITU-R BS.775 huzipa kushoto na kulia kipimo cha 1, kisha katikati na pembeni 0.707, yaani desibeli 3 chini. Ina mantiki, kwani maneno yatatoka kwenye spika mbili kwa pamoja, na nguvu zake zikijumlishwa hurudi zilipokuwa. Tatizo ni kwamba 1 na 0.707 na 0.707 ni 2.414. Chaneli zote zikipiga kwa nguvu mara moja, jumla inavuka kikomo na sauti inakwaruza. Programu ikitaka kuzuia hilo hugawa kila kipimo kwa 2.414, na tunapata 0.414 kwa mbele, 0.293 kwa katikati na 0.293 kwa pembeni. Maneno sasa yako karibu desibeli 11 chini katika kila spika, tena bado chini ya muziki.

Tuchukue Sintel, filamu fupi ya Blender Foundation ya mwaka 2010, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua na ina toleo la 5.1. Inaanza na pambano kwenye theluji, kisha mazungumzo ya chini kibandani. Kabla ya kugusa chochote, toa chaneli ya katikati peke yake uisikilize:

```
ffmpeg -i sintel.mkv -vn -af "pan=mono|c0=c2" katikati.wav
```

Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo `c2` ni ya tatu. Ukisikia maneno yakiwa safi, kazi inawezekana. Ndipo tunagawa upya:

```
ffmpeg -i sintel.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|c0=0.35*c0+0.5*c2+0.15*c4|c1=0.35*c1+0.5*c2+0.15*c5" -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv
```

Vipimo vya kila upande vinafika 1 kamili, kwa hiyo mchanganyo wenyewe hauwezi kukwaruza. Katikati imetoka 0.293 hadi 0.5, ongezeko la desibeli 4.6. Mbele imeshuka desibeli 1.5 tu, na pembeni karibu 6. Maneno yaliyokuwa desibeli 3 chini ya muziki wa mbele sasa yako 3 juu yake. Besi, yaani `c3`, tumeiacha nje, kwa sababu spika ndogo za runinga haziwezi kuitoa na ingekula nafasi bure. Mwenye sabufa hatakosa mdundo wote, maana sehemu kubwa ya besi ya muziki imo pia katika chaneli za mbele.

Usivutike kuipandisha katikati hadi 0.8. Nyayo, milango na vishindo vingi hukaa humohumo na vitapanda pamoja na maneno. Muziki nao utasikika mwembamba, na upana wa stereo utakwisha. Jaribu kwa spika za runinga zenyewe, kwa sauti ya kawaida ya usiku, kwani hedifoni huficha tatizo hili.

Kuna filamu ambazo njia hii haitaziokoa. Muziki ukiwa umewekwa katikati pamoja na maneno, au mwongozaji akiwa ameyazamisha maneno kwa makusudi, kama watazamaji wengi walivyolalamikia Interstellar ya 2014, chaneli ya katikati ukiisikiliza peke yake itakuwa tayari imechafuka. Na kama tatizo ni mnong'ono unaofuatwa na mlipuko, uwiano pekee hautoshi. Hapo ongeza `acompressor` baada ya `pan`, ukiibana miinuko kwa kiasi kidogo, ili mnong'ono usikike bila jirani kuamshwa na bunduki.