Ubeti wa Anayeshindwa

Ngonjera nyingi za sherehe za shule huwa zimekwisha kabla ya ubeti wa pili. Anayekosea anajulikana tangu anapofungua kinywa, na yule mwingine amebaki na kazi ya kumhubiria. Mathias Mnyampala wa Dodoma, ambaye kitabu chake cha kwanza cha *Ngonjera za Ukuta* kilitoka 1970, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, aliitumia bahari hii kufundisha siasa. Mafunzo yana nafasi yake, ila mimi humpima mtunzi kwa ubeti anaompa mtu atakayeshindwa.

Tuchukue kijana wa Dodoma anayetaka shamba liuzwe anunue bodaboda:

Baba naomba idhini, shamba kuuza nataka,
Jua kali mashambani, mahindi yamekauka,
Pikipiki ya mjini, jioni pesa nashika,
Tusilale njaa ndani, na njia imefunguka.

Kijana huyu si mpumbavu. Ana njaa, ana hesabu, na anaomba idhini kwa adabu. Akighani vizuri, nusu ya ukumbi itakuwa upande wake, na hapo ndipo baba atakapolazimika kufikiri:

Jioni pesa washika, asubuhi mafutani,
Tairi likipasuka, fundi umlipe nini?
Na shamba likishatoka, halirudi mkononi,
Mwaka mmoja wa shaka, usitutoe shambani.

Tazama baba anavyoanza. Ameyadaka maneno ya mwanawe, "jioni pesa", akayasogeza hadi asubuhi yake. Na kina cha mwisho cha kijana, *ka*, amekifanya kina chake cha kati, huku *ni* ikihamia mwisho. Msikilizaji huenda asiigundue hila hiyo, lakini sikio lake hupokea jibu badala ya shairi jipya.

Mtego uko kwenye kituo. Mtunzi aliyechoka angeandika "Mwanangu nimetamka, tafakari akilini". Mizani inatimia, nane kwa nane, vina vimekaa, na hakuna kilichosemwa. Njia ya kuutambua mshororo wa aina hiyo ni kuupachika katika ngonjera nyingine yoyote. Ukikaa sawasawa, ufute.

Hata hivyo baba bado ana deni. Kijana alitaja jua, naye hajaligusa. Wengi hapa humfanya kijana apige magoti katika ubeti wa tatu, na ukumbi hupiga makofi ya heshima tu. Afadhali kijana arudi na swali lake: mwaka huu tutakula nini? Ndipo baba atoe kitu kinachoshikika. Aache mahindi, apande uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame kuliko mahindi, na ekari moja aikodishe ili pesa ya chakula ipatikane sasa. Baada ya hayo kijana anaweza kukubali, naye akubali kwa kuyataja mambo hayo mawili kwa majina yake, uwele na ekari.