Kutega Televisheni

Kwetu Tanga saa ya kumwamsha mtu hutegwa. Mtego wa panya hutegwa, sikio hutegwa, na saa nayo hutegwa, kwa kuwa kote huko unaandaa kitu kwanza, kisha unakaa kimya ukingoja wakati wake. Kwa hiyo jirani yangu wa ghorofa ya chini aliponiambia, "Mdogo wangu, njoo unitegee hii televisheni," nilimwelewa papo hapo, ingawa kabla ya siku hiyo sikuwahi kusikia mtu akitega televisheni.

Tunakaa Glenwood, kwenye mteremko wa kilima cha Berea, hapa Durban. Mzee huyu ni mtu wa Uvira. Kiharusi kilimpokonya mkono wa kulia, na wa kushoto hauna shabaha ya kutosha kukipata kile kitufe kidogo chekundu cha rimoti. Mkewe hutunza wagonjwa kwenye nyumba za watu na hurudi baada ya saa tatu usiku. Jioni mzee hubaki peke yake kitini, mbele ya kioo cheusi. Hakutaka makubwa: televisheni ijiwashe saa moja usiku kwenye SABC 1, wakati wa taarifa ya habari kwa lugha za Kinguni, iendelee mpaka tamthilia ya Uzalo iishe, halafu izime. Kizulu anakisikia nusunusu. Anasema ni Kiswahili kilichopita njia nyingine: *abantu* ni watu, *inyama* ni nyama, na neno lisilo na ndugu hulikisia.

Televisheni yenyewe ni LG ya zamani kidogo, yenye antena ya ndani, wakati huo ikipokea bado mawimbi ya analogia. Nilibonyeza `MENU`, nikashuka hadi `TIME`. Hapo kuna mistari michache tu, na fundi asiye na subira hukimbilia `On time`, kwa sababu ndiyo aliyoijia. Hilo ni kosa. Unaanza na `Clock`. Televisheni haijui jioni wala alfajiri. Inajua hesabu yake ya ndani tu, na hesabu hiyo ikiwa imepotoka utategea wakati ambao haupo. Penye mawimbi ya dijitali saa huja yenyewe pamoja na picha. Kwenye analogia yetu niliiweka kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine.

Ndipo nikaingia `On time`. Kwanza marudio: mara moja tu, kila siku, au Jumatatu hadi Ijumaa. Nikachagua kila siku. Kisha saa na dakika. Niliweka 18:59, si 19:00, maana kioo kile huchukua sekunde kadhaa kuamka, na mzee hapendi kukosa salamu ya mtangazaji. Kisha chaneli, kwa namba yake katika orodha ya televisheni. Mwisho sauti. Wengi huiruka sauti. Usipoipangia, unaweza kuletewa kishindo cha ghafla sebuleni, na moyo wa mgonjwa hauhitaji hayo. Nikaweka 12.

Jambo la kuizima sikulihangaikia, kwa sababu linajitatua. Televisheni za namna hii zikijiwasha kwa mtego, na mtu asibonyeze chochote kwa muda wa saa mbili, hujizima zenyewe. Mtengenezaji alidhani huenda hakuna mtu nyumbani, hivyo hakutaka kioo kiwake usiku kucha bure. Kwa mtu mwingine hiyo ni kero: yuko katikati ya filamu, kioo kinazima. Kwa mzee wetu ni bahati. Wakati huo, kuanzia 18:59 hadi 20:59 ilikuwa habari, yaliyo katikati, na Uzalo yote iliyoanza 20:30, ikikatwa dakika moja tu ya majina ya waigizaji.

Ikafanya kazi siku tatu. Siku ya nne mkewe akanipigia simu: televisheni imewaka mchana, mzee kalala, na jioni haikuwaka kabisa.

Sasa tuje kwenye utamu wa kazi hii. Mtego ulioharibika hukuambia wenyewe ulivyoharibika, ukiuliza swali moja tu: umekosea kwa saa ngapi? Nikamuuliza mama, "Iliwaka saa ngapi hasa?" Akasema saa saba mchana, kama kawaida ya jioni lakini mchana. Saa saba mchana ni 13:00. Kati ya 13:00 na 19:00 kuna saa sita kamili. Nikacheka peke yangu, kwa maana kosa la saa sita kamili lina kabila: ni kosa la Mswahili.

Siku ya tatu kulikuwa na mgao wa umeme. Ilikuwa 2023, mwaka ambao Afrika Kusini iliteseka na mgao kuliko mwaka wowote kabla yake, na jioni, baada ya televisheni kuwaka, umeme ulikatika na kurudi baadaye. Televisheni ile ikikatiwa umeme huikumbuka chaneli, sauti na hata saa ya mtego, lakini saa yenyewe ya sasa hufutika, vikabaki vistari vinne: `--:--`. Mama aliporudi akaviona. Akamwambia mjukuu wao wa miaka minane, fundi mkuu wa rimoti kila awapo nyumbani, aweke saa. Mtoto akauliza saa ngapi. Bibi akajibu, "Saa tatu na robo." Mtoto amezaliwa Durban na anasoma Kiingereza shuleni, akaandika alichosikia: 03:15. Saa ya kweli ilikuwa 21:15. Kuanzia hapo kila saa ya televisheni ikawa mbele kwa saa sita, na ilipofika 19:00 kwake, nje ilikuwa saa saba ya mchana.

Tangu siku hiyo nasoma mitego ya majirani kama mganga anavyosoma homa. Ikikosea kwa saa sita, mtu kaweka saa kwa Kiswahili. Ikikosea kwa saa kumi na mbili, kuna AM na PM zimebadilishana, jambo la kawaida kwenye televisheni zisizoonyesha saa ishirini na nne. Ikikosea kwa saa moja kamili, natazama simu iliyotumika kama kielelezo: Tanzania na Kenya ziko mbele ya Durban kwa saa moja, na nimemkuta mgeni aliyetoka Dar juzi, simu yake bado ina saa ya nyumbani. Watu wa Kivu hawapati shida hiyo. Saa ya Uvira na ya Durban ni moja. Na ikiwa haikuwaka kabisa, usihangaike na menyu. Tazama taa ndogo nyekundu chini ya kioo. Ikiwa imezima, televisheni haijalala, imekufa, na kitu kilichokufa hakitegwi.

Taa hiyo ndiyo iliyonigombanisha na mama. Yeye ni mwanamke wa luku: umeme wao ni wa kulipia kabla, na kila alipokwenda kazini alitaka kuzima soketi zote ukutani. Nikamweleza kwamba televisheni iliyolala hula chini ya wati moja, balbu moja ya kawaida inaishinda mara nyingi. Hakushawishika na wati. Akashawishika na mumewe, aliyesema bila kunyanyua macho, "Mama, acha usingizi wake." Nikabandika utepe mwekundu juu ya swichi ya soketi hiyo, na haujabanduliwa.

Mgao ulibaki kuwa adui asiye na dawa kamili. Mtego uliopitwa na wakati wake gizani haulipi deni: umeme ukirudi saa mbili usiku televisheni haisemi "nilipaswa kuwaka saa moja." Inangoja kesho, tena ikiwa saa yake ipo. Nilimtafutia mzee kile kibetri cha kompyuta, cha kushikilia umeme unapokatika. Hakikutosha kuendesha kioo kwa muda mrefu, lakini kuishikilia saa isifutike kiliweza, na mjukuu akastaafu kazi ya kuweka saa.

Kuna wengine jengoni walionijia na vioo vipya, na hao mimi huwakatisha tamaa mapema. Mwenye king'amuzi anataka itegewe chaneli ya king'amuzi. Haiwezekani kupitia rimoti ya televisheni. Mtego wa televisheni huijua antena yake na matundu yake ya nyuma, basi. Unaweza kuitega iamke kwenye `HDMI 1`, lakini kitakachoonekana ni chochote king'amuzi kilichoachwa kikionyesha, au giza kama nacho kimelala. Mwingine alitaka iamke kwenye YouTube, taarifa ya TBC ya saa mbili usiku ya Tanzania, ambayo hapa ni saa moja. Kwenye vioo nilivyovishika, mtego haufiki ndani ya programu za intaneti. Nikamwambia atege simu.

Jambo moja mzee hakulikubali, na nadhani ana haki. Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya giza au ya nuru, inaonekana kwa macho. Durban iko kusini sana. Mwezi Juni jua linazama baada ya saa kumi na moja tu. Desemba linazama karibu na saa moja. Jioni moja ya Desemba televisheni ikawaka dirisha likiwa bado na mwanga. Mzee akaniuliza kama nimeitega vibaya. Nikamwonyesha simu: 18:59. Akatazama nje, akatazama kioo. "Kwa Kifaransa nakubali ni kumi na tisa," akasema. "Lakini usiku? Usiku uko wapi hapa?"

Mwaka uliofuata nilikwenda likizo Tanga. Usiku mmoja, saa mbili kasoro dakika moja ya pale nyumbani, nikampigia simu. Mama hakuwepo, alikuwa amemwachia simu mapajani, ijipokee yenyewe kwenye spika. Tukasalimiana, akaanza kuniuliza habari za bahari. Katikati ya swali nikasikia, mbali, ile *tik* ndogo ya chuma ndani ya televisheni, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha muziki wa habari kwa sauti ya 12.

"Imeamka," akasema mzee. "Haya, kata simu yako, mdogo wangu. Mimi siwezi kuikata, na hawa wameanza."