Milioni 10 za 2016 si milioni 10 za leo

Mliokuwa kwenye mkutano wa kikundi pale Musoma mjini mliona: ajenda ya kuhuisha bima ilipita haraka, ukomo wa kulazwa ukaachwa palepale, shilingi milioni 10 kwa familia, kama ulivyowekwa 2016. Sababu iliyotolewa ni kwamba ada haitapanda. Uamuzi huo ulikuwa kosa.

Ukomo hausemi chochote kuhusu bei. Tuchukue matibabu yaliyogharimu milioni 6 mwaka 2016. Yalilipwa yote, na familia ikabakiwa na milioni 4 za kumalizia mwaka. Gharama zikipanda asilimia 9 kwa mwaka, ndani ya miaka 8 zinakaribia kuwa mara mbili. Matibabu yaleyale yanafika milioni 12. Bima inalipa 10, na 2 zinatafutwa kwa kuuza ng'ombe. Hakuna aliyepunguza bima, na barua ya kampuni haikubadilika hata tarakimu moja. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Bima isipoendana na gharama, matokeo tumeshayaona: NHIF ilipoleta kitita kipya Machi 2024 badala ya kile cha 2016, hospitali binafsi kadhaa ziligoma kupokea kadi zake, zikisema bei mpya hazilingani na gharama.

Madalali wa bima nimewalalamikia siku zote kwa kuisifia ada isiyopanda. Hawawaambii wanachama kwamba ukomo ukiongezwa mara mbili, ada haiongezeki mara mbili, kwa sababu ni wagonjwa wachache tu wanaofika kwenye milioni zile za juu. Hesabu hiyo haikuombwa kabisa mkutanoni.

Katibu wetu wa zamani asingekubali. Miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha alidai orodha ya madai ya mwaka mzima, akatazama dai kubwa kuliko yote limekula sehemu gani ya ukomo. Kisha aliulizia bei Bugando, Mwanza, maana mgonjwa wa Bunda au Butiama akishindikana Kwangwa ndiko anakopelekwa: upasuaji wa kujifungua, upasuaji wa ngiri, siku moja ya chumba cha mahututi. Dai likipita nusu ya ukomo, alipeleka ombi la kuongeza.



Tatizo la kungoja ni hili: anayeomba nyongeza akiwa tayari na figo au moyo unaosumbua anaweza kuambiwa kwamba nyongeza hiyo haitalipia ugonjwa huo, au asubiri kwanza. Na katikati ya mwaka, mikataba mingi haifunguliwi. Dirisha ni kuhuisha, wakati watu bado wazima. Mwakani mwenyekiti aanze na ukomo mdogo wa uzazi, ambao nao haujaguswa tangu 2016 na ndio utakaoisha kwanza.