Pale Kigae Kinapoishia

Ukitaka kumjua fundi wa vigae hapa Kolwezi, usitazame katikati ya ukuta. Ingia bafuni, nenda pale ukuta wa dushi unapokunja kona, upitishe kidole taratibu. Kigae kimepakwa rangi na kung'arishwa usoni tu. Ubavu wake ni udongo uliochomwa, mkwaruzo mtupu, na ukikatwa unachana ngozi. Kazi ya kuufunika ni ya profili, ule utepe mwembamba wa pembeni wenye mguu uliotobolewa matundu.

Nampenda fundi anayepima kwanza. Kigae cha milimita 8 hukipa profili ya milimita 8, maana profili ikichomoza hushika maji na uchafu, ikizama ubavu unabaki wazi. Hupaka gundi ukutani, huukandamiza mguu mpaka gundi itokeze matunduni, kisha hulaza kigae juu yake na kuacha mwanya wa milimita 2 wa kujazwa rojo. Profili iliyobandikwa kwa vidonge viwili vitatu vya gundi utaitambua: igonge kwa ukucha, italia uwazi.

Sasa, chuma au plastiki? Alumini inapendeza dukani, lakini simenti mbichi huila ile isiyo na ganda la kinga na kuiachia madoa meupe. Halafu, kazi ikiisha, huja asidi ya kuondolea ukungu wa simenti. Mji huu haufundishwi nguvu ya asidi. Viwandani kwetu ndiyo inayotoa shaba ndani ya mawe. Hata alumini yenye ganda haiistahimili. Inoksi ni imara zaidi, hasa ya daraja la 316 yenye molibdeni, ila asidi ya chumvi huitia vidoa nayo pia.

Plastiki ya PVC haiogopi kutu wala simenti. Udhaifu wake ni mikwaruzo, kupauka, na joto. Kipande cha mita 2.5, jotoridi likipanda nyuzi 20, hutaka kurefuka kama milimita 3.5, wakati alumini hutaka milimita 1 na kidogo tu. Ukikibana kutoka sakafuni hadi darini, kitatafuta pa kwenda: rojo litapasuka ufa mwembamba kando yake, na maji yatapita humo. Fundi mzuri hukikata kifupi kidogo, akaziba ncha kwa silikoni.

Kwa hiyo, kwenye kona ya dushi weka inoksi kama mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, PVC nene ni bora kuliko alumini tupu, ambayo ikae sebuleni. Lakini profili haizuii maji kuingia ukutani. Hiyo ni kazi ya tabaka la kuzuia maji lililo nyuma ya vigae. Na umwombe fundi wako afute simenti kwa sponji na maji safi ingali mbichi, asingoje asidi.