Mstari wa Jumla Haukupaswa Kuingia kwenye Jedwali

Mlioyaangalia mafunzo ya makarani wa vyama vya msingi vya korosho, ukumbini au kwenye video iliyosambazwa baadaye, mnaijua dakika ninayoizungumzia. Mwezeshaji ameweka kishale ndani ya orodha ya mapokezi, amebonyeza Ctrl+T, kisanduku kimefunguka na kutaja eneo kilichokusudia kuligeuza:

```
=$A$4:$F$45
```

Akabonyeza OK. Kazi iliharibika hapo hapo, na yote aliyoyafanya baadaye yaliuendeleza uharibifu huo, kwa sababu mstari wa 45 ulikuwa mstari wa JUMLA.

Mengine aliyafanya vizuri: aliacha mstari wa 3 mtupu kati ya jina la orodha na vichwa vya safu, akaacha tiki kwenye My table has headers, na akalipa jedwali jina la Mapokezi badala ya kuliacha liitwe Table1.

Turudi kwenye OK ile. Ctrl+T haijui chochote kuhusu korosho wala uhasibu. Inachofanya ni kutazama pande zote za kishale hadi ikutane na mstari mtupu au safu tupu, kisha inasema: nadhani orodha yako ni hii. Kati ya mpokeo wa mwisho, mstari wa 44, na JUMLA hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Excel ilikisia kama inavyokisia siku zote. Lakini ilikisia kwa uwazi. Iliandika namba 45 ndani ya kisanduku na ikauzungushia mstari ule nukta zinazotembea, ambazo kwenye projekta zilionekana hadi viti vya nyuma. Kisanduku kile kimewekwa ili mtu asome eneo, aangalie mstari wa mwisho ni wa nini, ndipo akubali. Anayebonyeza OK bila kusoma ameiachia mashine uamuzi ambao ilikuwa inamwomba yeye aufanye.

Sasa tuhesabu. Mistari ya 5 hadi 44 ilikuwa mipokeo 40 yenye jumla ya kilo 18,640. Seli ya E45 ilikuwa na fomula ya kawaida, `=SUM(E5:E44)`. Baada ya kugeuza, mwezeshaji akaenda shiti ya muhtasari na kuandika:

```
=SUM(Mapokezi[Kilo])
```

Ikatoka 37,280. Ni kilo zote za wakulima, halafu kilo zote za wakulima tena, kwa sababu kwa jedwali JUMLA sasa ni mkulima wa 41 aliyeleta shehena kubwa kuliko wote. Hakusimama. Akahamia kwenye rangi.

Nimeambiwa na wanaomtetea kwamba kosa la namna hii halina madhara, maana karani yeyote ataona namba imerudufika. Kwa dakika chache za mwanzo ni kweli: namba iliyo mara mbili kamili inajitangaza. Lakini tazameni kilichofuata. Ili kuonyesha kwamba jedwali hujipanua lenyewe, aliandika mpokeo mpya wa kilo 320 kwenye mstari wa 46. Jedwali likanyoosha mpaka wake, michirizi ikashuka, ukumbi ukapiga makofi. Jumla sahihi ilikuwa imekuwa 18,960. Fomula ya E45 ilibaki inasoma E5 hadi E44, ikaendelea kusema 18,640, na muhtasari ukasema 37,600. Gawanyeni kwa mbili: 18,800, namba isiyofanana na chochote kwenye shiti. Ile dalili ya mara mbili kamili ilipotea na mpokeo mmoja tu. Baada ya wiki mbili za msimu, karani ana namba tatu zinazogombana, na anapolinganisha na stakabadhi za ghala hana pa kuanzia.

Halafu akapanga. Alifungua kichujio cha Tarehe na kuchagua kupanga kuanzia ya zamani hadi mpya, jambo ambalo kila karani hulifanya. Neno JUMLA lilikaa kwenye safu ya tarehe, na Excel huweka maandishi baada ya tarehe zote, kwa hiyo JUMLA ikashuka hadi mstari wa 46 na mpokeo mpya ukapanda hadi wa 45. Fomula inapohamishwa kwa kupanga hubeba marejeo yake kama iliyonakiliwa. Ikawa `=SUM(E6:E45)`. Mpokeo mpya umeingia, na mpokeo wa kwanza wa msimu, kilo 410 za mstari wa 5, umetoka. Jumla ikasomeka 18,550. Ikiwa ripoti ya chama, kama zilivyo nyingi, ina seli inayosema `=Msimu!E45`, ripoti hiyo haikumfuata JUMLA alikohamia. Imebaki inatazama E45, ambako sasa kuna kilo 320. Msimu mzima wa kijiji umekuwa mpokeo mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili ilikuwa wazi mbele yake. Kichujio cha Tarehe kilipofunguka kilionyesha mwaka na miezi yake, na chini yake, peke yake, neno JUMLA lenye tiki. Safu ya Kijiji ingemwonyesha (Blanks) mwishoni mwa orodha, kwa sababu JUMLA haina kijiji. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote kwa faili yoyote mliyopewa: fungueni kichujio cha safu isiyopaswa kuwa na pengo. Mkikuta (Blanks), ama mpokeo umeandikwa nusu, ama kuna mstari usio mpokeo ndani ya jedwali.

Wasomaji wangu wa siku nyingi watanivumilia nikiwarudia tena wazee wa Lotus 1-2-3. Wale walifanya kazi bila jedwali, bila kichujio cha kubofya, na hawakuruhusu jumla igusane na data. Chini ya mstari wa mwisho waliandika `\-`, seli ikajaa vistari, na jumla ikakaa chini ya vistari hivyo. Tena fomula yao ilijumuisha mstari wa vistari, ili ukiingiza mpokeo mpya juu yake uwe tayari ndani ya hesabu. Ile ndiyo iliyokuwa namna yao ya eneo linalopanuka, na ilidai mtu ajue mpaka wa data yake uko wapi. Hata orodha za Excel 2003, mababu wa majedwali haya yaliyokuja na toleo la 2007, zilikuwa na mstari mtupu wenye nyota chini, unaokuonyesha kwa kidole: mpya iandikwe hapa. Toleo la 2007 liliiondoa nyota hiyo na kuleta kitufe kinachoitwa Format as Table. Tangu hapo nimelalamika, na sitaacha: jina hilo limewafundisha watu kwamba hii ni kazi ya rangi. Ndiyo maana mwezeshaji alitumia muda mrefu kwenye sampuli za michirizi kuliko alioutumia kusoma eneo.

Kuhusu michirizi yenyewe, neno moja. Ile ya jedwali hujipanga upya unapochuja, mstari mmoja mmoja kati ya inayoonekana. Rangi iliyopakwa kwa mkono huifunika, basi iondoeni kwa No Fill kabla ya yote.

Alipaswa kufanyaje? Kufupisha eneo kwenye kisanduku liishie `$F$44` kusingetosha, kwa kuwa JUMLA ingebaki imekaa chini ya jedwali mahali hasa ambapo mpokeo mpya unapaswa kuandikwa. Mstari wa 45 ulipaswa kufutwa wote, kabla ya Ctrl+T. Kisha jedwali likishaundwa, Ctrl+Shift+T huleta mstari wa jumla wa jedwali lenyewe, na kwenye seli ya Kilo unachagua Sum. Utaona fomula hii:

```
=SUBTOTAL(109,[Kilo])
```

Tofauti yake na JUMLA ya zamani ni kubwa. Mstari huu Excel inaujua kuwa ni jumla. Hauingii kwenye kupanga, hauonekani kwenye kichujio, na `Mapokezi[Kilo]` haiuhesabu. Ukichuja kijiji kimoja, unakupa kilo za kijiji hicho tu. Una gharama moja: ukiwa umewashwa, kuandika chini yake hakupanui jedwali. Inabidi usimame kwenye seli ya mwisho ya mpokeo wa mwisho na ubonyeze Tab.

Kwa karani anayeingiza mipokeo foleni ikiwa nje ya ghala, gharama hiyo siipendi, na hapa narudi kwenye wimbo wangu wa zamani: jumla ikae juu. Jina la orodha lilikuwa A1, mstari wa 2 ulikuwa mtupu. Angeandika kwenye E2:

```
=SUBTOTAL(109,Mapokezi[Kilo])
```

Namba inaonekana mara faili inapofunguka, haijali jedwali lina mistari 40 au 4,000, na karani anaandika moja kwa moja chini ya mpokeo wa mwisho. Ripoti nazo zitumie `=SUM(Mapokezi[Kilo])`, zisitaje seli yoyote kwa anwani yake.

Mlioondoka na faili ya mafunzo na mmeanza kuitumia, irekebisheni leo. Bofyeni kulia ndani ya mstari wa JUMLA, chagueni Delete, kisha Table Rows. Muhtasari utajirekebisha papo hapo, na katika mfano wetu utasoma 18,960. Kama kupanga kulishafanyika, seli ya ripoti iliyokuwa ikitazama E45 haitatoa kosa lolote, itaendelea kuonyesha kilo za mkulima mmoja, kwa hiyo itafuteni kwa macho na kuandika fomula yake upya. Kama hakukupangwa, itageuka #REF!, na hiyo ni afadhali kwa kuwa inaonekana.

Na msifunge shiti kwa nywila kama alivyopendekeza mwishoni. Shiti iliyofungwa hailiachi jedwali lipanuke. Hata seli za chini yake zikiondolewa Locked ili karani aweze kuandika, mpokeo mpya utakaa chini ya mpaka, nje ya vichujio na nje ya jumla, ukionekana kama mwingine wowote.