Bamvua Mbili

Grafu yenyewe ilikuwa ya kawaida: kujaa na kupwa kwa bahari kwenye pwani ya Mtwara, mwezi mzima tangu mwandamo. Mstari mmoja unapanda na kushuka mara mbili kila siku, hivyo ndani ya siku 29 una vilele zaidi ya hamsini vilivyobanana kama meno ya kitana. Mwenye macho hahesabu meno. Anaona meno marefu mwanzoni, kisha mafupi, kisha marefu, kisha mafupi, basi amemaliza. Imemchukua sekunde mbili.

Kijarida chetu husomwa kwa simu, na mmoja wa wasomaji wetu ni mzee wa Madimba, kwenye barabara iendayo Msimbati. Alivua miaka mingi kabla hajapofuka. Simu yake ina TalkBack, programu inayosema kilichopo chini ya kidole. Kidole kikifika kwenye picha, inayasoma maandishi mbadala, yaani maneno ambayo mhariri ameyaficha nyuma ya picha. Inayasoma kwa mkupuo, bila aya wala vichwa vya habari, na msikilizaji akipotewa na neno katikati, njia ya haraka ni kurudi mwanzo na kusikiliza yote tena.

Kazi ya kuyaandika maneno hayo ilikuwa ya dada mmoja pale ofisini. Mimi nilikaa pembeni nikimtazama, kama mtoto anayemtazama fundi akiranda mbao.

Rasimu ya kwanza haikuwa yake, ilikuwa yangu. Niliandika: “Picha ya grafu ya mstari wa bluu kwenye mandhari nyeupe. Mhimili wa chini unaonyesha siku kuanzia 1 hadi 29. Mhimili wa wima unaonyesha kimo cha maji kwa mita kuanzia 0 hadi 4. Mstari unapanda na kushuka mara nyingi, ambapo…” Sikuendelea. Alikwisha nyoosha mkono kuichukua kibodi.

Alianza kwa kufuta “Picha ya”. Programu yenyewe hutangaza kuwa hii ni picha, na msomaji anaambiwa jambo lile lile mara mbili. Bluu ikafuata: mstari ni mmoja, rangi yake haitofautishi chochote. Ingekuwa mistari miwili, ya Mtwara na Tanga, na makala inasema “tazama ule mwekundu”, rangi ingebaki. Mihimili nayo aliipunguza hadi yakabaki maneno mawili, “siku 29”. Mhimili ni ngazi ya kumfikisha mwenye macho kwenye jambo. Ukishamfikisha msomaji juu kwa mkono wako, humsimulii ngazi. Hata kistari kama cha “1–29” huwa hakitaki, kwa kuwa sauti nyingine hukiruka, na tarehe ya kwanza na ya mwisho zikawa namba moja isiyoeleweka. Anaandika “hadi”.

Mwaka 2021 Alan Lundgard na Arvind Satyanarayan wa chuo cha MIT walichapisha utafiti kuhusu maelezo ya grafu. Waliyagawa katika ngazi nne: grafu imejengwaje, takwimu zake zinasemaje, umbo lake kwa jumla likoje, na mwisho sababu na mazingira ya jambo lenyewe. Wakawauliza wasomaji 30 wasioona na 90 wanaoona ni maelezo yapi yanawafaa. Wengi wa wanaoona walizipenda zile sababu. Wasioona wengi hawakuzithamini hivyo. Walitaka namba na umbo, maana waliyaona maelezo ya sababu kama mwandishi anawafikiria badala ya kuwaachia wafikiri. Dada yule hajawahi kunitajia utafiti huu, lakini mkono wake unaufuata. Kila nilipoongeza “kutokana na mvutano wa mwezi na jua” aliyafuta bila kugeuka.

Toleo lake la pili lilikuwa hili: “Grafu ya siku 29. Maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 mwanzoni mwa mwezi na tena katikati. Baina ya vipindi hivyo, mabadiliko hushuka hadi mita 1 hivi.” Mimi ningeishia hapo na kwenda kunywa chai. Yeye alibaki akiangalia skrini, midomo ikicheza.

“Hivi,” akasema, “huyu mzee tunamfundisha bahari?”

Akaandika upya:

```html
<img lang="sw" src="maji.png" alt="Siku 29: bamvua mbili, moja mwandamo, moja baada ya mwezi mpevu, maji yakicheza zaidi ya mita 3. Baina yake maji mafu, mita 1 hivi.">
```

Umbo lote la kitana lilikuwa limekwisha fungwa ndani ya maneno mawili, bamvua na maji mafu, na watu wa pwani wamekuwa wakiyatumia kabla grafu haijachorwa. “Mwandamo” nalo limekaa sawasawa kuliko nilivyodhani. Bamvua haifiki kileleni siku ile ile mwezi unapokuwa gizani. Huchelewa siku moja au mbili. Mwandamo ni siku hilali inapoonekana, nayo huchelewa vivyo hivyo. Kwa upande wa mwezi mpevu ilibidi aongeze “baada ya”. Na ile `lang="sw"` huiambia programu kuwa maneno ni ya Kiswahili. Bila hiyo, sauti iliyowekwa Kiingereza inaweza kuyatafuna hata mwenyewe usiyatambue.

Chini ya grafu tulikuwa na maelezo ya wazi, yale ambayo kila mtu huyaona au kuyasikia: “Siku za kwenda mwambani kuchokoa pweza ni za bamvua.” Hakuyarudia nyuma ya picha. Maelezo ya wazi yanabeba hoja, maandishi mbadala yanabeba umbo na namba zinazoitegemeza. Wahariri wengi hunakili sentensi moja kotekote, na msikilizaji anadhani simu imekwama.

Si kila grafu ina umbo la kufunga. Toleo lililofuata tulikuwa na nguzo mbili za uwezo wa mitambo ya kusafisha gesi: Madimba futi za ujazo milioni 210 kwa siku, Songo Songo milioni 140. Hapo aliandika namba mbili na majina mawili, akaondoka. Kusema “nguzo ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia” ni kumficha msomaji namba ambazo tayari unazo mkononi.

Wala ufundi huu haukosi mipaka. Msomaji wa Dodoma anaweza asijue bamvua ni nini, na kwa gazeti la nchi nzima toleo la pili lingefaa zaidi. Anayetaka kimo cha maji cha tarehe 19 hatakipata. Huyo anahitaji jedwali chini ya picha, na dada aliliweka, maana kwenye jedwali kidole kinakwenda safu kwa safu.

Jaribio lake la mwisho ni la simu. Anampigia mtu, anamsomea mara moja tu, kisha anamwomba amweleze grafu inasema nini. Akikosea, sentensi inarudi mezani. Siku ile tulimpigia mzee, sauti ikiwa wazi ili nami nisikie.

“Shikamoo babu. Nisikilize halafu uniambie.”

Akasoma. Upande wa pili kimya kidogo, jogoo akawika.

“Mwambie mkwe wangu asichelewe,” mzee akasema. “Saa nne asubuhi mwamba uko wazi.”

Tukatazamana. Saa haikuwepo kwenye sentensi, ila kwenye pwani hii bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne hivi, asubuhi na usiku, na mzee alikuwa ameshaisoma.

“Na hiyo mita tatu,” akaongeza, “naijua.”

Dada akashika kalamu, akaikodolea macho ile namba. Akaiacha.